Transfo ya 12 V haiwezi kutoa 34 V: ukosoaji wa ukurasa mmoja wa sillabi ya fizika



Leo siandiki juu ya muhogo wala juu ya mbegu. Naandika juu ya ukurasa mmoja wa fotokopi ambao wengi wenu mliupitia mukiwa wa mwaka wa 6, na ambao wadogo zetu bado wanaupitia leo. Ni ule ukurasa wenye foto ya osiloskopu, na chini yake swali fupi: tafuta frekansi na Umax. Mimi ni lisansie wa agronomia, si mtu wa umeme. Lakini mwalimu wa fizika alipohama, prefe aliniita na kuniambia: "Agronomu, wewe ulisoma fizika kule chuo, utusaidie masaa machache." Unajua namna inavyokuwa kwetu. Nikakubali, nikachukua sillabi kama nilivyoipewa, nikaingia darasani.

Nitasema wazi kabisa: siku ya kwanza niliandika korije ya ule ukurasa kwenye ubao bila kuipima. Ilisema hivi: T = 2 karo × 5 ms = 10 ms, kwa hiyo f = 100 Hz. Umax = 6,8 karo × 5 V = 34 V. Wanafunzi wakanakili. Halafu msichana mmoja wa benchi ya tatu akanyoosha mkono: "Prof, samahani. Chini ya foto wameandika ni transfo ya 220 V kwa 12 V. Hizi 34 zinatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia tutaona wiki ijayo. Ile wiki ndiyo imezaa maandishi haya.

Kwanza niseme kizuri cha ule ukurasa, maana kipo. Aliyeutunga hakuchora wimbi kwa mkono kama sillabi nyingine zinavyofanya. Aliweka foto ya mashine yenyewe, na butoni zake zinaonekana. Shule zetu nyingi hazina osiloskopu hata moja, kwa hiyo foto ndiyo mashine yetu. Na foto ya mashine nzima inamfundisha mtoto kitu ambacho mchoro haumfundishi: kwamba ekrani peke yake haisemi volti wala sekunde. Ekrani inasema karo tu. Thamani ya kila karo imeandikwa pembeni, kwenye butoni. Wazo la ukurasa ni zuri. Kibaya ni korije, na pia mambo mawili ambayo ukurasa umeyanyamazia.

Tuangalie foto yenyewe pole pole. Ekrani ina karo 10 kwa upana na karo 8 kwa urefu wa kusimama. Katikati kuna mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na hiyo miwili ina vialama vidogo vinavyogawa kila karo mara tano. Kwa hiyo kila kialama ni 0,2 ya karo. Butoni iliyoandikwa TIME/DIV imeelekea 5, upande wa ms. Maana yake kila karo moja ya upana ni milisekunde 5. Butoni iliyoandikwa VOLTS/DIV imeelekea 5. Maana yake kila karo moja ya kusimama ni volti 5. Hizo butoni mbili na ile ekrani ndizo data zote tulizo nazo.

Sasa kosa la kwanza, la frekansi. Aliyefanya korije alitafuta wimbi kwenye ule mstari wa katikati wa kulala. Aliona wimbi linakata mstari likipanda, akahesabu mpaka pale linapokata tena, akapata karo 2 na kidogo, akaandika 2. Lakini pale pa pili wimbi linashuka, halipandi. Hapo tumepata kilima peke yake, bila bonde lake. Wimbi moja kamili ni kilima pamoja na bonde: unaanza pale linapokata mstari likipanda, unapita kilele, unashuka, unapita bonde, unafika tena pale linapokata mstari likipanda. Kwenye ile foto, safari hiyo yote inachukua karo 4. Basi T = 4 × 5 ms = 20 ms, yaani sekunde 0,020, na f = 1/0,020 = 50 Hz. Ndiyo frekansi ya kuran ya SNEL, na ndiyo ile imeandikwa nyuma ya mashine nyingi tunazonunua.

Kile "kidogo" ambacho mwenye korije alikitupa kilikuwa kinamwambia kitu. Niliporudia kupima, kilima kilichukua karo kama 2,15 juu ya mstari wa katikati, na bonde karo kama 1,85 chini yake. Havilingani. Hii haitoki kwenye transfo. Inatoka kwenye foto: wimbi zima limepandishwa juu kidogo kuliko mstari wa katikati, kwa hiyo mstari haulikati pale pa katikati yake. Ukipima nusu ya wimbi halafu ukazidisha kwa mbili, utapata 4,3 au 3,7 kulingana na nusu uliyochagua, na frekansi itakuwa 46,5 au 54. Ukipima wimbi zima, kutoka kupanda mpaka kupanda, utapata 4 hata kama wimbi limepandishwa au limeshushwa. Ndiyo sababu tunapima wimbi zima, na hata mawili kama yanaenea. Kwenye foto yetu mawili yanaenea: yanachukua karo 8, yaani 40 ms, tunagawa kwa mbili. Faida yake ni hii: jicho likikosea 0,1 ya karo kwenye karo 4, ni kosa la 2,5 kwa mia. Likikosea vile vile kwenye karo 8, ni nusu yake tu.

Kuna mtu anaweza kuniambia: lakini 100 Hz nimewahi kuiona mahali. Ndiyo, ipo. Ukiweka diodi 4 nyuma ya transfo, mabonde yanageuzwa kuwa vilima, na ekrani inaonyesha vilima tupu vinavyofuatana bila kushuka chini ya sifuri. Hapo umbali toka kilima mpaka kilima ni 10 ms, na frekansi ni 100 Hz kwa haki kabisa. Namna ya kutofautisha ni kuangalia chini. Kama wimbi linashuka na kufanya bonde la mviringo sawa na kilima, ni kuran ya transfo moja kwa moja, 50 Hz. Kama chini kuna ncha kali kama meno na hakuna bonde, ni kuran iliyopita diodi. Foto yetu ina mabonde ya mviringo. Korije ilijibu swali la foto nyingine.

Kosa la pili ni la volti, na hapa ndipo yule msichana alitushika. Korije ilichukua urefu wote, toka ncha ya juu mpaka ncha ya chini, karo 6,8, ikazidisha kwa 5. Hiyo 34 V ni ya kweli, lakini jina lake si Umax. Ni urefu toka kilele cha juu mpaka kilele cha chini. Umax ni toka katikati ya wimbi mpaka kilele kimoja, kwa hiyo ni nusu yake: karo 3,4 × 5 V = 17 V.

Darasani wanafunzi wengine walikimbilia njia ya mkato. Walihesabu toka mstari wa katikati ya ekrani mpaka ncha ya juu, wakapata karo 3,8, wakaandika 19 V. Wengine walihesabu kushuka, wakapata karo 3,0, wakaandika 15 V. Wakaanza kubishana, kila mmoja ana haki juu ya karo zake. Ugomvi unatokana na kile nilichosema: wimbi limepandishwa kwa 0,4 ya karo. Mstari wa katikati ya ekrani si lazima uwe katikati ya wimbi. Kuna butoni ya kupandisha na kushusha mchoro, na aliyepiga foto hakuirekebisha. Dawa ni ile ile: pima yote, toka juu mpaka chini, halafu gawa kwa mbili. 3,8 na 3,0 ukijumlisha ni 6,8, nusu yake ni 3,4. Ugomvi umekwisha.

Sasa tujibu swali la msichana. 17 V na 12 V zinapatanaje? Ile 12 iliyoandikwa kwenye transfo ni tansio efikasi, ndiyo ile voltimeta inaonyesha ukiiweka kwenye kuran alternatifu. Kwa wimbi la mviringo kama hili, kilele ni tansio efikasi mara 1,414. Basi 12 × 1,414 = 17 karibu kabisa. Foto na maandishi yake vinapatana. Lakini ukichukua 34 kama kilele, ukaigawa kwa 1,414, unapata 24. Maana yake korije inasema ile transfo ni ya 24 V, wakati ukurasa huo huo umeandika 12. Mwenye korije angefanya hiyo hesabu moja ya mwisho, angeliona kosa lake kabla ya fotokopi ya kwanza kutoka.

Mtasema: Agronomu, ni mtihani tu, mtoto atapoteza pointi mbili, basi. Hapana. Nilishuka Baraka juma lile nikapita kwa kijana mmoja anayetengeneza radio na shaja kule sokoni, ni mdogo wangu kwa upande wa mama. Mezani kwake alikuwa na kondansata zilizovimba kichwani, kama tano hivi. Nikamwuliza.

"Yaya, hizi ni za alimantasio ninazozifunga mwenyewe," akaniambia. "Transfo ya 12, diodi 4, halafu kondansata ya 16 V. Kumi na sita ni kubwa kuliko kumi na mbili, si ndiyo? Lakini mwezi mmoja tu, inavimba. Nasema ni za feki."

Inawezekana kweli ni za feki, zipo nyingi. Lakini tulikaa tukafanya hesabu pamoja. Kondansata nyuma ya diodi haijui ile 12 ya voltimeta. Inajaa mpaka kilele. Kilele ni 17 V, toa karibu 1,4 V zinazobaki kwenye diodi mbili ambazo kuran inapita kila mara, inabaki kama 15,6 V. Yaani hata siku nzuri tayari tuko ukingoni mwa 16. Sasa Baraka wengi wanawasha kwa grupu. Grupu ndogo ikiwa haina mzigo mkubwa inaweza kupandisha mpaka 245 V badala ya 220. Transfo inafuata: 12 inakuwa 13,4, kilele kinakuwa karibu 19, ukitoa za diodi inabaki 17,5 V. Juu ya kondansata ya 16 V. Ongeza kwamba transfo ndogo isiyo na mzigo inatoa zaidi ya ile namba iliyoandikwa juu yake, maana hiyo 12 ni ya wakati inapofanya kazi yake yote. Radio ikiwa imezimwa lakini shaja iko kwenye plagi, kondansata inakula hayo yote usiku kucha.

Dawa yake ni kondansata ya 25 V. Tofauti ya bei kule sokoni ni ndogo kuliko kurudi kubadilisha mara mbili. Mdogo wangu huyo alimaliza sekondari, na aliwahi kuuona ule ukurasa. Nilimwuliza Umax ni nini, akanijibu: "Ni ile kubwa." Hakuna aliyemwonyesha kwamba "ile kubwa" ndiyo inaua kondansata yake. Na ndugu yangu mwingine aliyeshika korije ya 34 V kama ilivyo, angenunua ya 50 V, kubwa, ya bei, isiyoingia kwenye kasha. Haitaungua, lakini pesa imeenda bure. Kilele kilichosomwa vibaya kinamgharimu mtu pande zote mbili.

Nirudi kwenye ukurasa. Nilisema umenyamazia mambo mawili. La kwanza ni namna ya kupima kwenye karatasi. Kwenye mashine nyingi karo moja ina upana wa sentimita 1, kwa hiyo wanafunzi wamezoea kusikia "sentimita" na wanachukua rula. Lakini fotokopi yetu imepunguzwa: karo moja ni milimita 7. Mwanafunzi mmoja alipima wimbi kwa rula, akapata sentimita 2,8, akazidisha kwa 5 ms, akapata 14 ms na frekansi ya 71 Hz. Hesabu yake haina kosa, kosa ni rula. Karo zinapungua pamoja na wimbi, kwa hiyo ukihesabu karo, fotokopi inaweza kupunguza au kukuza inavyotaka, jibu halibadiliki. Ukitaka kutumia rula, gawa kwanza: 28 mm kwa 7 mm ni karo 4.

Njia niliyoipata kuwa rahisi darasani ni kipande cha karatasi. Unakiweka kwenye foto, unatia alama mbili pembeni yake, moja pale wimbi linapoanza na moja pale linapomalizika. Halafu unakisogeza mpaka kwenye mstari wa katikati wenye vile vialama, unahesabu. Kwa urefu wa kusimama unafanya vile vile na mstari wa kusimama. Jambo moja la kuangalia: mchoro kwenye fotokopi ni mnene. Ukipima toka ukingo wa nje wa juu mpaka ukingo wa nje wa chini, umeongeza unene wa mstari, labda 0,2 ya karo, na volti 1 nzima imeingia bila haki. Chukua ukingo wa juu wa mstari pale kileleni na ukingo wa juu wa mstari pale bondeni. Unene unajitoa wenyewe.

Na kama foto ilipigwa upande, si mbele kabisa, karo za upande mmoja zinaonekana kubwa kuliko za upande mwingine. Hapo usihamishe karatasi mbali. Hesabu karo pale pale wimbi lilipo. Kama karo za kushoto na za kulia zinatofautiana sana kwa macho, omba foto nyingine.

Jambo la pili ambalo ukurasa umenyamazia ni zito zaidi: namna ya kujua kama butoni zinasema kweli. Kwenye fotokopi ile, herufi za "ms" zimeziba. Nusu ya darasa walisoma µs, maikrosekunde, na wakapata 50.000 Hz. Ilibidi nimwandikie mwenzangu wa Uvira anitumie foto ya asili kwa simu, ndipo nikakuza na kuona kwamba ni ms. Na nilipokuza niliona kitu ambacho fotokopi imekimeza kabisa: katikati ya kila butoni kubwa kuna kabutoni kadogo, na pembeni yake pameandikwa CAL. Hako kadogo ni ka kunyoosha au kubana mchoro kidogo kidogo. Kakiwa kwenye CAL, namba ya butoni kubwa ni halali. Kakitoka hapo, namba ya butoni kubwa haina maana tena: mchoro umebanwa, na karo moja si volti 5 tena, inaweza kuwa hata 10 au zaidi. Foto isiyoonyesha haka kabutoni inakuomba uamini tu.

Kuna na sondi. Ule waya wa kupimia una swichi ndogo ya ×1 na ×10. Ikiwa kwenye ×10, kinachofika kwenye mashine ni sehemu moja ya kumi, na kwenye mashine za zamani lazima wewe mwenyewe uzidishe volti zote kwa 10. Kwenye foto yetu sondi haionekani. Ingekuwa ×10, Umax ingekuwa 170 V, na transfo ingekuwa ya 120 V. Maandishi ya 12 V ndiyo yanatuokoa: yanatuambia ilikuwa ×1, na pia kwamba tuvibutoni tudogo twote tulikuwa kwenye CAL, maana 17 V na 20 ms zinapatana na 12 V na 50 Hz.

Lakini tuwe wakweli hapo. Kama tunatumia maandishi kuthibitisha foto, basi foto haijatupimia kitu kipya, imetufundisha kusoma tu. Kwa darasa inatosha. Kwa grupu ya mtu ambayo hatujui inazunguka namna gani, haitoshi. Grupu nyingi ndogo lazima zizunguke mara 3000 kwa dakika ili zitoe 50 Hz. Ikichoka ikazunguka 2700, inatoa 45 Hz, na wimbi kwenye ekrani linachukua karo 4,4 badala ya 4. Hapo hakuna maandishi ya kutusaidia. Kama foto ya ile grupu haina butoni, wala CAL, wala sondi, utaona wimbi zuri la kupendeza na hutajua kitu.

Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Zamani mafundi wa Ulaya na Marekani walipachika kamera ya filamu mbele ya osiloskopu, maana mchoro ulikuwa unapotea. Wakabaki na mafoto yenye wimbi na karo, bila thamani za butoni, na ilibidi mtu aziandike kwa mkono nyuma ya foto. Akisahau, foto imekufa. Mwaka 1969 kampuni ya Tektronix ya Marekani ilitoa mashine za mfululizo wa 7000 ambazo ziliandika thamani za butoni kwenye ekrani yenyewe, pembeni ya wimbi, ili ziingie kwenye foto. Mashine za leo zenye ekrani kama ya televisheni karibu zote zinafanya hivyo. Mwenye sillabi yetu alichagua foto ya mashine ya aina ya zamani, isiyoandika kitu kwenye ekrani. Ni haki yake, inafundisha vizuri zaidi. Lakini basi ilibidi aandike chini ya foto kile ambacho ekrani haisemi.

Hii ndiyo korije niliyoipeleka darasani wiki iliyofuata, na ndiyo napendekeza iwekwe mahali pa ile ya zamani. Chini ya foto: "Transfo 220 V/12 V ikiwa na mzigo. TIME/DIV: 5 ms. VOLTS/DIV: 5 V. Butoni ndogo zote kwenye CAL. Sondi ×1." Halafu majibu: mawimbi mawili kamili = karo 8, T = 8 × 5 ms / 2 = 20 ms, f = 50 Hz. Toka kilele mpaka kilele = karo 6,8, Umax = 6,8 × 5 V / 2 = 17 V. Kuhakikisha: 17 / 1,414 = 12 V, inapatana na transfo. Na usiandike 17,02 V ili kuonekana mtaalamu. Jicho letu linakosea 0,1 ya karo, na mashine za aina hiyo zenyewe mara nyingi zinaruhusiwa kukosea kama 3 kwa mia, yaani nusu ya volti hapa. "Karibu 17 V" ndiyo jibu la kweli.

Yule msichana alinakili yote, akafuta 34 kwa kalamu nyekundu, akaniuliza: "Prof, na wale waliomaliza mwaka jana na ile korije?" Swali hilo nalileta kwenu. Mwenye kuwa na ule ukurasa nyumbani au kwenye simu, afute 100 na 34, aandike 50 na 17, halafu ampe mdogo wake. Na mwenye kufika kule ambako kuna osiloskopu, iwe Bukavu, Bujumbura au Kigoma, atupigie foto moja ya transfo ya 12 V, asimame mbele kabisa, butoni zote zionekane, na sondi iwekwe pembeni ili swichi yake isomeke. Nitaitumia mwezi wa tisa, darasani.

Nasubiri maoni na makosa yangu mliyoyaona.